Bati Lipimwe Mbele ya Mnunuzi



Mwaka 2019 mzee mmoja wa kikosi cha kukata miwa katika tawi letu, upande wa Busoga, alipokea kiinua mgongo chake akanunua mabati 60 ya kuezekea nyumba. Dukani aliambiwa kuwa ni geji 30, na kila bati lilikuwa na muhuri wa wino uliosema hivyo hivyo. Akalipa, akapewa risiti, akaezeka. Kufikia mwaka 2022 michirizi myekundu ya kutu ilikuwa imeshuka kutoka kwenye kila msumari, na upepo uliokuja na mvua ya mwezi wa nne ukang'oa mabati manane. Misumari yenyewe ilibaki imesimama juu ya papi. Bati ndilo lililochanika kuzunguka vichwa vya misumari, likaondoka. Alipokwenda kulalamika aliambiwa kwamba kosa ni lake, nyumba ameijenga mahali pa upepo. Risiti yake ilisema "mabati 60" basi. Haikutaja unene wala zinki.

Habari hii ilitutia haya sisi wa kamati, kwa sababu duka letu la ushirika nalo lilikuwa likiuza mabati kwa neno hilo hilo, "geji 30", bila mtu yeyote kati yetu kuwahi kuyapima. Tukakata shauri kwamba kila Jumamosi baada ya mshahara, muuzaji wetu atapima bati mbele ya mafundi na wenye nyumba, na kwamba maneno yake yataandikwa ili akibadilishwa muuzaji, kazi isibadilike. Maneno hayo tunayaeleza hapa, na matokeo yake pia, pamoja na yale yaliyotuumbua.

Kwanza, hilo neno geji. Ni hesabu ya zamani ya Waingereza waliopima waya, na inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba zaidi. Kwa jedwali la Kiingereza geji 28 ni milimita 0.376, geji 30 ni milimita 0.315, na geji 32 ni milimita 0.274. Lakini Waamerika nao wana jedwali lao la mabati ya zinki, na humo geji 30 ni karibu milimita 0.40. Basi mtu anayekuuzia "geji 30" hajakuambia neno lolote unaloweza kumshika nalo. Ndiyo maana maneno ya kwanza ya muuzaji wetu ni haya:

"Karibuni wazee, karibuni akina mama, fundi karibu mbele. Leo hatusemi geji. Bati hili tumelinunua kama bati la milimita 0.30, lenye zinki ya Z100. Hayo ndiyo tuliyoambiwa sisi, na yameandikwa kwenye karatasi ya mwenye kutuletea. Sasa tutaona kama ni kweli."

Anayo mizani ya kutundika, ile ya ndoano inayopimia kahawa, iliyofungwa kwenye boriti ya dari. Kabla ya kupima bati anapima mizani yenyewe. Anatundika dumu tupu la lita 5, anasoma. Analijaza maji mpaka alama ya lita 5, anatundika tena. Tofauti lazima iwe kilo 5, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Jambo hili mwanzoni tuliliona la kupoteza muda. Lakini Jumamosi ya kwanza mizani ilionyesha kilo 5 na robo, na mama mmoja mwenye kuuza mihogo sokoni ndiye aliyeona kabla ya muuzaji. Tuliazima nyingine.

Kisha anachukua uzi. Hapa mafundi wengi hushangaa, maana wamezoea kupima upana wa bati kwa kamba iliyonyooka, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kipimo hicho kinakwambia bati litafunika nafasi gani, lakini hakikwambii chuma kilichomo. Bati lilikuwa bapa kabla ya kupita kwenye mashine ya kulikunja, na ukitaka kujua upana wake wa asili inakupasa uulaze uzi uingie kila bonde na kupanda kila mgongo. Muuzaji anashika mwanzo, fundi anaulaza uzi kwa vidole, mwenye nyumba anakata mwishoni. Kisha uzi unanyooshwa juu ya futi. Bati la kwetu lilikuwa na sentimita 80 kwa kipimo cha kunyooka, na sentimita 91 kwa uzi. Urefu ulikuwa mita 3 kamili. Urefu nao upimwe, maana tumekuta mabati ya "mita 3" yaliyopungua sentimita 8, na mtu huligundua hilo akiwa juu ya kenchi, bati likishindwa kufikia papi.

Sasa hesabu, ambayo imeandikwa kwa rangi ukutani. Chuma cha mita moja ya mraba chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85. Hiyo haibadiliki, iwe Jinja au Japani. Mita 3 mara mita 0.91 ni mita za mraba 2.73. Mara 7.85 ni kilo 21.4. Hiyo ndiyo ingekuwa uzito wa bati hili kama lingekuwa na unene wa milimita 1 nzima. Basi ukigawa uzito ulio kwenye mizani kwa 21.4, unachopata ni unene wa bati kwa milimita. Zinki ni nyepesi kidogo kuliko chuma, lakini ni utando mwembamba mno, haivurugi hesabu.

"Bati letu," anasema muuzaji, "lina kilo 6.4. Mama, gawa hapo. Kilo 6.4 kwa 21.4. Umepata ngapi? 0.30. Hapo karatasi ilisema kweli."

Yule mzee wa miwa alikuwa amebakiza bati moja ambalo halikupanda juu, akalihifadhi ndani nyuma ya kitanda. Alilileta Jumamosi ya pili, akiwa amelibeba kichwani na mjukuu wake ameshika upande wa nyuma. Lilikuwa na urefu ule ule na uzi ule ule. Mizani ikaonyesha kilo 5.4. Mtu mmoja akapiga hesabu kwa mkaa juu ya saruji: 5.4 kwa 21.4 ni 0.25. Hata geji 32 ya Kiingereza ni nene kuliko hapo.

Tuliendelea na hesabu mpaka mwisho, kwa sababu mzee alitaka kujua. Kila bati lilipungukiwa kilo moja. Kwa mabati 60 ni kilo 60 za chuma, na ukizigawa kwa uzito wa bati moja la haki, unapata mabati tisa na zaidi. Alilipia mabati 60, akapewa chuma cha mabati 50 na ushei, kikiwa kimenyooshwa kikawa vipande 60. Ile misumari iliyobaki imesimama sasa ilikuwa na maelezo. Upepo ukiingia chini ya bati, nguvu yote huvuta kuzunguka vichwa vya misumari, na pale ndipo bati jembamba linapopasuka kwanza.

Fundi mmoja aliuliza kwa nini tunasumbuka na uzi na mizani, wakati kiwandani wanayo maikromita, chombo cha kubana bati na kusoma unene papo hapo. Swali lake ni la haki, na sisi tunayo maikromita, tuliazima kutoka karakana. Lakini ina mambo mawili. Inapima kila kilichobanwa, na rangi ni mojawapo. Bati lililopakwa rangi kiwandani linaweza kubeba milimita 0.03 za rangi kwa pande mbili, kwa hiyo chuma cha 0.27 kinasomeka 0.30, na mnunuzi anaondoka ameridhika. Mizani haidanganyiki sana kwa njia hiyo, maana rangi ni nyepesi mno kuliko chuma. Jambo la pili ni kwamba bati lina mikunjo. Ukibana mahali penye mkunjo, maikromita inashika kona na kusoma zaidi. Ubane ukingoni, mahali palipo bapa, mara tatu au nne sehemu mbalimbali. Sisi tunaitumia baada ya mizani, kama shahidi wa pili. Tena tunawaambia watu wasigombane kwa mia mbili za milimita. Roli la chuma halitoki kiwandani na unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na bati la 0.30 likipimika 0.29 si wizi. Likipimika 0.25, hilo ni jambo jingine.

Mpaka hapo ilikuwa rahisi. Kazi ya zinki ndiyo iliyotupa taabu.

Watu wengi hudhani bati nene halishiki kutu. Unene na kutu ni mambo mawili. Chuma kitupu, kiwe chembamba au kinene, kinaanza kushika kutu kikipata unyevu tu. Kinachokizuia ni ule utando wa zinki, nao huliwa na hewa na mvua kidogo kidogo kila mwaka mpaka umalizike. Alama ya Z100 ina maana ya gramu 100 za zinki katika mita moja ya mraba ya bati, pande zote mbili zikijumlishwa. Ukizigawa pande mbili, kila upande una utando wa maikroni 7, yaani sehemu saba za elfu ya milimita. Z275 ina karibu maikroni 19. Mahali ambapo hewa inakula maikroni moja kwa mwaka, Z100 itaanza kuachia kutu baada ya miaka saba hivi. Karibu na bahari, au chini ya moshi wa kiwanda, ni mapema zaidi. Na kung'aa si dalili ya chochote. Utando wa maikroni 4 unang'aa dukani sawasawa na wa maikroni 19.

Jaribio la zinki tulifundishwa na ndugu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchovya mabati. Ni kuiyeyusha zinki yote kwa asidi na kupima ni kiasi gani kimeondoka. Muuzaji anakata ukanda mwishoni mwa bati kwa mkasi wa bati, anaulaza juu ya ubao, anaunyoosha kwa nyundo ya mti. Nyundo ya chuma haifai, inaikwangua zinki. Kisha anachora kwa pembemraba vipande vitatu vya sentimita 10 kwa 10, kimoja kutoka katikati na viwili kutoka pembeni, maana zinki haiko sawa kila mahali. Kila kipande kinafutwa mafuta na kupimwa kwenye mizani ndogo ya sonara inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu.

Uzuri wa sentimita 10 kwa 10 ni kwamba vipande mia moja vya namna hiyo ndivyo mita moja ya mraba. Gramu iliyopotea, izidishe kwa mia, umepata zinki ya mita nzima. Z100 ya haki lazima ipoteze gramu 1 kwa kila kipande. Kanuni inayofuatwa na viwanda ni kwamba wastani wa vipande vitatu usipungue 100, na kipande kimoja peke yake kisipungue 85.

Hapa muuzaji anabadilisha sauti, na tumemwandikia hivyo makusudi:

"Sasa wazee tuondoke ndani, twende uani. Watoto wakae kule kwenye mwembe. Anayevuta sigara aizime. Hii ni asidi ya haidrokloriki, inaunguza ngozi, inapofusha macho, na moshi wake unachoma kifua. Nimevaa miwani na glavu za mpira. Maji yametangulia ndani ya bakuli la plastiki, sasa ninamimina asidi juu ya maji polepole, sehemu moja kwa sehemu moja. Kamwe simimini maji juu ya asidi, itaruka usoni."

Sigara zinazimwa kwa sababu zinki inapoyeyuka inatoa hewa ya haidrojeni, nayo inashika moto. Kipande kikitumbukizwa maji yanachemka mapovu kwa nguvu pande zote. Jicho la mpimaji liwe hapo. Mapovu yakipungua ghafla na kubaki machache ya hapa na pale, zinki imekwisha, na asidi sasa inaanza kukila chuma chenyewe. Kipande kitolewe mara moja kwa koleo la plastiki, kitumbukizwe kwenye ndoo ya maji safi, kikaushwe kwa kitambaa, kipimwe. Ukichelewa, chuma kitahesabiwa kuwa zinki na bati baya litaonekana zuri. Ndiyo maana tunakirudisha kipande kile kile mara ya pili kwa muda mfupi. Kama mara ya pili hakipotezi kitu cha maana, mara ya kwanza tulikitoa kwa wakati wake.

Kipande cha mzee kilipoteza gramu 0.48. Hakuna aliyeshangaa. Kisha muuzaji akachukua vipande vitatu vya bati letu wenyewe, lile lililopita mizani kwa 0.30 kamili, akiwa na uso wa furaha.

Cha kwanza kilikuwa gramu 23.52 kabla ya asidi, kikawa 23.00 baadaye. Kimepoteza 0.52. Cha pili kilipoteza 0.61, cha tatu 0.55. Wastani 0.56. Zinki ya gramu 56 katika mita ya mraba, na karatasi ya mwenye kutuletea ilisema 100. Maikroni 4 kila upande.

Tuseme ukweli, kulikuwa na ukimya mbaya pale uani. Muuzaji alisema labda asidi ilikuwa kali mno. Tukarudisha vipande mara ya pili: kilichopoteza zaidi kilipoteza 0.03 tu, kwa hiyo asidi haikuwa na kosa. Mzee wa miwa, aliyekuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji, akauliza kwa upole, "Kumbe hata ninyi?"

Jioni ile kamati ilikaa mpaka usiku. Walikuwapo waliosema kwamba jaribio la zinki lingefanywa kwanza kwa siri, na watu waonyeshwe mabati yaliyofaulu tu. Si wazo la kijinga, kila duka hufanya hivyo. Lakini mabati 22 ya shehena ile yalikuwa yamekwisha kuuzwa, na walioyanunua ni watu tunaoamkiana nao kila asubuhi kwenye mstari wa kuhesabiwa. Shauri likapita kwamba mabati 40 yaliyobaki yasiuzwe, na mwenye kutuletea aitwe.

Alikuja baada ya wiki mbili, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba bakuli la plastiki la uani si maabara. Ni kweli, na tulimkubalia. Jaribio letu linaweza kutuonyesha kwamba 56 si 100. Haliwezi kutofautisha 96 na 100, maana kukosea milimita mbili tu katika kukata kipande, au kuchelewa kidogo ndani ya asidi, kunatosha kuleta tofauti hiyo. Wala karatasi yetu haina nguvu mahali pa sheria. Kwa hilo kuna Shirika la Viwango la Uganda, lililoanza kazi mwaka 1989, na kuna kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki cha mabati ya zinki, EAS 11. Tukamwambia basi achague: akate kipande kwa mkono wake mwenyewe tupime akiona, au bati zima lipelekwe kwa Shirika. Alikata kipande. Kikapoteza gramu 0.58. Aliyachukua mabati 40 akarudisha fedha. Tunaamini naye alikuwa ameuziwa roli lililoandikwa vingine, maana alionekana mtu aliyetahayari kuliko mtu aliyefumaniwa. Lakini hatujui, na si kazi yetu kumtakasa.

Wale wa mabati 22 tuliwafuata nyumba kwa nyumba. Mabati yalikuwa yamekwisha kupigiliwa, na kuyang'oa ni kuyatoboa upya. Duka lilirudisha sehemu ya bei, na wengi walitaka fedha hizo zigeuzwe rangi. Hapa tahadhari moja: rangi ya mafuta ya kawaida haishiki juu ya zinki mpya, baada ya mwaka inabanduka kama ganda la ndizi. Bati lioshwe kwa maji na sabuni, likauke, lipakwe kwanza rangi ya msingi iliyoandikwa kwamba ni ya mabati ya zinki, ndipo rangi ya juu ifuate. Na kazi hiyo ifanywe zinki ikiwa bado ipo.

Jambo jingine tulijifunza kwa aibu ndogo zaidi. Katika ghala letu mabati yalikuwa yamelazwa chini yakiwa yamebanana, na paa la ghala lenyewe lilikuwa likivuja. Katikati ya rundo tulikuta unga mweupe kama wa chokaa. Huo unga ni zinki iliyokwisha kuliwa na maji yaliyonaswa kati ya bati na bati, kabla bati halijaiona nyumba. Siku hizi yanasimamishwa kwa kuegemezwa, juu ya mbao, upepo upite. Muuzaji anafungua rundo mbele ya mnunuzi na kumwonyesha la katikati, si la juu. Ukienda duka lolote, omba hivyo hivyo. Hilo halihitaji mizani wala asidi.

Jaribio la asidi kama tulivyolieleza ni la zinki tupu. Yako mabati mengine yenye utando wa aluminiamu na zinki pamoja, ambao ni mwepesi zaidi. Gramu 150 za utando huo zina unene wa karibu maikroni 20 kila upande, zaidi kidogo ya zinki ya Z275. Mtu asilinganishe gramu za hili na gramu za lile, atamdhulumu muuzaji. Na bati lenye rangi haliingii kwenye asidi mpaka rangi iondolewe kwanza kwa dawa yake, jambo ambalo sisi hatulifanyi uani. Kwa mabati ya rangi tunaishia kwenye uzi na mizani, na muuzaji anasema wazi kwamba zinki ya chini hakuipima.

Asiye na asidi, wala mizani ya sonara, bado ana uzi, futi, na mizani ya kutundika ambayo hakuna soko lisilo nayo. Na anayo risiti. Sasa risiti ya duka letu ina mistari mitatu mipya: urefu na upana wa uzi, uzito wa bati moja lililotolewa katikati ya rundo mnunuzi akiona, na zinki iliyoandikwa na kiwanda. Muuzaji anatia sahihi, mnunuzi anatia sahihi au dole gumba. Wauzaji wengine wa mjini wametulalamikia kwamba tunawaharibia biashara. Wawili kati yao wamenunua mizani.

Mwisho wa kila Jumamosi muuzaji hamwagi ile asidi iliyotumika shimoni hivi hivi, wala karibu na kisima. Anaitia chokaa kidogo kidogo, akisimama upande unaotoka upepo, mpaka isifanye povu tena, kisha anaizika nyuma ya ghala. Vipande vilivyopimwa, vyeusi na bila zinki, vimetundikwa ukutani kwa waya, kila kimoja na tarehe yake na namba ya shehena. Cha mzee ni cha pili kutoka kushoto. Baada ya miezi mitatu kilikuwa chekundu chote, na watu wanaokuja kununua hukigusa kwa kidole na kuangalia kidole.